Mswada umefika bila maelezo: umuulize nini mteja?

Mteja amenitumia riwaya na kuandika tu, "Naomba uipitie." Nimjibu vipi?

Soma kwanza kurasa chache za mwanzo, za katikati na za mwisho. Usiishie mwanzo, maana sura ya kwanza mwandishi ameisugua mara nyingi. Hali halisi ya mswada iko katikati. Kila unapokutana na jambo usiloweza kuliamua peke yako, andika namba ya ukurasa. Maswali yako yatoke humo. Ukimuuliza "Unataka uhariri wa aina gani?" atakujibu "Wa kawaida", na utabaki pale pale.

Tuseme ni riwaya ya Mombasa, ya maneno 60,000. Mimi ningemwandikia hivi:

"Salamu, ndugu yangu. Mswada nimeupata, na kabla sijaanza naomba unijibu mambo matatu.

Kwanza, ukurasa wa 61 baba yake Rehema anazikwa, kisha ukurasa wa 130 anampigia simu bintiye. Nikikuta jambo kama hili nilirekebishe, nikuandikie maoni pembeni, au nishughulikie lugha tu?

Pili, ukurasa wa 12 kuna 'tarakilishi' na wa 40 kuna 'kompyuta'. Kitabu unakichapisha mwenyewe au kinakwenda kwa mchapishaji? Kama ni mchapishaji, ni yupi, na wasomaji unaowalenga ni wa wapi?

Tatu, bibi anasema 'ndoo' na 'ndia', wengine wote wanasema 'njoo' na 'njia'. Nimwachie bibi usemi wake?

Majibu mafupi yanatosha."

Swali la kwanza ndilo linaloamua bei. Kusahihisha tahajia na sentensi ni kazi moja. Kufuatilia nani yuko hai sura ipi ni nyingine, na huchukua muda mrefu zaidi. Mwandishi asiyejua majina ya kazi hizo anazitambua mara moja akionyeshwa marehemu wake akipiga simu.

La pili linakuepusha na kazi ya kurudia. Wachapishaji wengi wana mwongozo wao wa tahajia, alama na nukuu, na ukiujua mwishoni utaanza upya.

La tatu lina uzito kwangu kuliko yote. Mhariri asiyekijua Kimvita ataona "ndoo", aikumbuke ya maji, aibadilishe kuwa "njoo" na kudhani amesaidia. Akifanya hivyo kitabu kizima, bibi wa Mji wa Kale anakuwa mtangazaji wa taarifa ya habari. Lakini yawezekana pia "ndia" ya ukurasa mmoja ni kosa la kuchapa, na mwandishi peke yake ndiye anayejua.

Kwa nini matatu tu? Mimi nina kumi na tano.

Yapitie moja moja na ujiulize: jibu lake litabadilisha bei, au ni jambo ambalo yeye pekee analijua? Kama si hivyo, liamue mwenyewe. Tarehe ziandikwe kwa tarakimu au kwa maneno, neno fulani liunganishwe au litenganishwe: fungua *Kamusi ya Kiswahili Sanifu*, chagua, kisha liandike kwenye orodha ya maamuzi utakayomkabidhi pamoja na kazi. Mteja aliyepelekewa maswali kumi na tano hujibu manne rahisi, na lile la marehemu analiruka.

Amenijibu, "Wewe ndiye mtaalamu, fanya unavyoona."

Hiyo bado si ruhusa. Hariri kurasa tano kwa kiwango unachopendekeza, ukiwa umewasha Track Changes ili aone kila ulichogusa. Chagua kurasa ambazo bibi anazungumza. Mtumie na umuulize, "Niendelee hivi?" Aliyesema hana maoni huyapata akiona sentensi zake zimekatwa, na ni heri ayapate kwenye ukurasa wa tano kuliko wa mia mbili.

Pima pia muda uliotumia. Kwa maneno 250 kila ukurasa, mswada huu ni kurasa 240. Kama tano zimekuchukua saa moja, zote zitachukua saa 48, bila kuhesabu usomaji wa mwisho. Hapo ndipo utaje bei na siku ya kukabidhi, na akubali kwa maandishi.

Nianze kuhariri huku nikisubiri majibu?

Hapana. Kama una muda, tengeneza orodha ya wahusika: jina linavyoandikwa, umri, nani ni nani kwa nani, na ukurasa anapotokea mara ya kwanza. Itakufaa vyovyote atakavyojibu, na haigusi hata neno lake moja.