Mtoto ana mafua na joto kidogo, na leo ni siku ya chanjo

Kijana wangu alikuwa ametimiza wiki 14 siku hiyo. Usiku wake alikuwa amelala kwa shida, pua imeziba, ananyonya kidogo anaachia, anavuta pumzi kwa mdomo, anarudi tena. Asubuhi nilipomgusa shingoni nikahisi moto. Nikaweka kipimajoto kwapani: 37.8. Mama mkwe wangu, ambaye amelea watoto sita na namheshimu sana kwa hilo, akasema, "Mwanangu, mtoto mgonjwa hachomwi sindano. Msubirini apone kwanza."

Nilikwenda kliniki, na mtoto alichanjwa siku hiyohiyo. Naandika haya kwa sababu kwa mtoto wa kwanza nilifanya kinyume, na najua ilitugharimu nini.

Binti yangu alipofika miezi 9, zamu ya chanjo ya surua na rubela, alikuwa na makamasi. Pale dirishani nikaambiwa nirudi akipona. Niliporudi wiki iliyofuata watoto walikuwa wachache, chupa haikufunguliwa. Wengi hatulijui hili: chanjo ya surua huja kwenye chupa ya dozi nyingi, mara nyingi 10, na ikishachanganywa na maji yake lazima itumike ndani ya saa 6, inayobaki inatupwa. Ndiyo maana vituo vingi huwakusanya watoto kwa siku maalumu. Siku maalumu ilipofika, binti alikuwa ameanza kikohozi kingine, maana mtoto wa umri ule hupata mafua mara kwa mara. Mwisho wake alichanjwa akiwa na miezi 13. Miezi minne yote hiyo kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwangu ilikuwa imepungua sana, na nyingine hana. Umri wa miezi 9 haukuchaguliwa kwa bahati. Ndipo kinga ya mama huwa imeshuka kiasi cha kuiacha chanjo ifanye kazi, na ndipo surua nayo hupata njia.

Kwa hiyo safari hii nilimuuliza muuguzi kila kitu, naye alikuwa mvumilivu. Alisema mafua ya kawaida, kikohozi chepesi, hata kuharisha kidogo, havizuii chanjo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema hivyohivyo, na unataja joto lililo chini ya 38.5 kuwa si sababu ya kumrudisha mtoto nyumbani. Mtoto anayemalizia dozi ya antibayotiki naye anaweza kuchanjwa. Mwili wa mtoto hupambana na vijidudu vingi kila siku, na virusi vya mafua haviumalizi nguvu kiasi cha kushindwa kuitambua chanjo. Wala chanjo haiyafanyi mafua yawe makali.

Lakini hakuishia kwenye kipimajoto, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Alimfunua kifua, akangoja atulie kunyonya, kisha akahesabu pumzi kwa dakika nzima huku akitazama saa. Zilikuwa 42. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni dalili ya nimonia. Akaangalia kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, haikubonyea. Ule mkoromo ulionitisha usiku ulikuwa wa puani. Akauliza kama ananyonya, kama anatapika kila kitu, kama amewahi kupata degedege, kama anaamka vizuri na kuchangamka. Halafu akamtoboa kisigino kupima malaria, kwa sababu mtoto kuwa na mafua hakumaanishi kwamba joto limetokana na mafua. Kipimo hakikuonyesha malaria.

Ndipo akapewa matone ya polio mdomoni, na sindano tatu mapajani: Penta, ya nimonia na ya polio. Penta inakinga dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B na Hib, bakteria wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Kifaduro ndicho nilichokuwa nakiwazia. Wengi wa wanaokufa kwa ugonjwa huo ni watoto wachanga, na kila dozi inayosogezwa mbele inaurefusha muda ambao mtoto yuko wazi. Tena dozi za Penta zinahitaji angalau wiki 4 kati ya moja na nyingine, hivyo ukichelewesha ya kwanza au ya pili, zinazofuata zinasogea nazo.

Kuna jambo moja nataka lisomwe vizuri. Niliyoyaeleza ni ya mtoto aliyevuka miezi 2. Kama mtoto wako anakwenda chanjo ya wiki 6 na kwapani ana 37.5 au zaidi, usianze kuwaza habari ya sindano kabisa. Kwa mtoto mchanga hivyo, joto hilo ni dalili ya hatari. Huenda ana maambukizi ya damu, naye anaweza kuzidiwa kwa saa chache. Mpeleke aonwe na daktari saa hiyohiyo. Na hadi atimize miezi 3, joto la 38 linataka daktari siku hiyohiyo. Chanjo itapangwa baada ya hapo.

Kwa mtoto mkubwa zaidi, chanjo husogezwa kama ni mgonjwa kweli: pumzi za haraka, kifua kinabonyea, hanyonyi, analegea, anatapika kila kitu, au joto liko juu sana. Hapo anatibiwa kwanza. Sababu mojawapo ni kwamba chanjo nayo huleta joto, na daktari akikuta joto limepanda hatajua ni la ugonjwa au la sindano. Akipata nafuu anachanjwa, hata kama pua bado inatoka, na haanzi dozi upya.

Sikumpa dawa ya homa kabla ya kwenda. Muuguzi alisisitiza hilo, kwa kuwa parasetamo inayotolewa mapema kwa kukinga inaweza kuupunguza mwitikio wa mwili kwa chanjo, tena inaficha joto ambalo wao wanataka kuliona. Jioni lilipanda hadi 38.4, akawa analia ukimgusa paja. Ana kilo 6.4, na muuguzi alikuwa ameniandikia mililita 3 za parasetamo ya maji yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5. Soma chupa yako, kwa sababu nguvu zinatofautiana, na uulizie kipimo kwa kilo za mtoto wako. Nilimnyonyesha mara nyingi, nikamvisha nguo nyepesi, na kabla ya kila kunyonya nikamdondoshea maji ya chumvi ya duka la dawa puani. Kesho yake 37.6. Siku ya tatu yakabaki mafua tu. Joto la Penta kwa kawaida huisha ndani ya siku 2. Likizidi hapo, usiisingizie chanjo, mrudishe apimwe. Ile ya surua ni tofauti, joto lake laweza kuja siku ya 5 hadi ya 12 baada ya kuchomwa.

Ukiambiwa dirishani "rudi akipona" kabla mtoto hajaguswa, omba kwa upole apimwe joto na ahesabiwe pumzi kwanza. Na kama baada ya kupimwa bado wanaona asubiri, omba tarehe ya kurudi iandikwe kwenye kadi palepale, na kama ni ya surua, uliza ni siku gani chupa itafunguliwa.