Herufi za kubakiza na herufi za kurudisha mfukoni

Jioni moja katika baraza ya nyumba ya jirani yetu, Kibokoni, kura iliniangukia mimi nianze mchezo wa Scrabble, na nilipotia mkono mfukoni nikatoa herufi E, I, I, R, S, U na U. Sisi hucheza kwa seti ya Kiingereza na kwa orodha ya maneno ya Collins, kwa hiyo maneno nitakayoyataja humu ni ya lugha hiyo, na nitayaandika kwa herufi kubwa kama yanavyosomeka ubaoni. Niliona neno SURE mara moja. Niliona pia RISE na IRIS. Kila moja lilikuwa na alama 8, kwa kuwa neno la kwanza huzidishwa mara mbili linapopita katikati ya ubao. Mzee tuliyekuwa tukicheza naye, ambaye sote humwita Ami, alikuwa akinywa kahawa yake bila haraka. Zamani ningeliweka SURE nikaridhika kwamba nimeanza kwa kupata chochote. Usiku ule nilirudisha mfukoni I, U na U, nikakubali kupata sifuri, nikabaki na E, I, R na S.

Nataka kueleza kwa nini nilifanya hivyo, kwa sababu uamuzi wa aina hii ndio uliobadilisha mchezo wangu kuliko maneno yote mapya niliyojifunza.

Zamu moja ina matokeo mawili. La kwanza ni alama zinazoandikwa karatasini, na la pili ni zile herufi zinazosalia kwenye kishikio, ambazo mimi huziita akiba, kwani ndizo utakazoungana nazo katika zamu ijayo. Ningeweka SURE ningebaki na I, I na U, kisha ningechota herufi nne bila kujua ni zipi. Sasa tuhesabu kilichokuwa hakijaonekana. Seti nzima ina herufi 100: irabu 42, konsonanti 56 na herufi tupu 2, ambazo husimama badala ya herufi yoyote. Mimi nilikuwa nimeshika irabu tano na konsonanti mbili, kwa hiyo katika herufi 93 zilizobaki kulikuwa na irabu 37 na konsonanti 54, yaani karibu irabu mbili katika kila herufi tano. Mtu anayechota nne atarajie kupata irabu moja au mbili. Ukiziongeza juu ya I, I na U, utakuwa na irabu nne au tano, tatu kati yake zikiwa zile zile ngumu, na zamu inayofuata utajikuta unaweka tena neno la alama 8 ili kupunguza mzigo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikipoteza michezo: hakukuwa na zamu moja mbaya ya kunyooshea kidole, zilikuwa zamu nne au tano dhaifu zilizozaana.

IRIS lilinivutia zaidi, kwa sababu lingeondoa I zote mbili kwa pamoja. Lakini lingeniachia E, U na U, tena lingemeza S. Kwenye seti kuna S nne tu, na thamani yake haimo katika ile alama 1 iliyochapwa pembeni. S huunganisha neno lako na neno lililokwisha kuwekwa, ukalipwa kwa yote mawili, na ndiyo inayorahisisha kuliweka ubaoni neno la herufi zote saba, lenye nyongeza ya alama 50. Wachezaji wengi wazoefu huikadiria S iliyobakizwa kuwa sawa na alama 8 hivi, na herufi tupu kuwa sawa na alama 25 au zaidi. Mimi hutumia makadirio hayo kama bei: nikiona kwamba neno lenye S linanipa alama nne tu zaidi ya neno lisilo na S, siitoi. Kuitumia S katika neno la alama 8 ni kuiuza kwa hasara.

Basi kwa nini nilibakiza E, I, R na S, badala ya E, R na S pekee? Wapo wanaoamini kwamba I ni herufi mbaya na huitupa kila wanapobadilisha. Sikubaliani nao. Ubaya wa I huanza zinapokuwa mbili, kwa sababu maneno yanayohitaji I mbili ni machache mno kuliko yanayohitaji moja. I moja iliyokaa pamoja na E, R na S ni mwenzao mwema: irabu mbili na konsonanti mbili, na zinafungamana katika miisho ya maneno mengi sana. U ni jambo jingine. Ziko nne tu katika seti nzima kwa sababu lugha yenyewe haizitumii sana, na U mbili kwenye kishikio kimoja karibu daima ni mzigo. Kwa hiyo kanuni niliyoifuata ni ya kawaida: kwanza ondoa kinachojirudia, kisha tazama uwiano wa irabu na konsonanti, halafu ndipo upime ubora wa herufi moja moja. Anayeanza na hili la tatu hujikuta ameshika herufi nzuri zisizopatana, mathalani L, N, R, S na T bila irabu hata moja.

Kuna jambo la utaratibu ambalo watu wa mtaani hulikosea. Unapobadilisha, unaweka kando herufi unazozikataa zikiwa zimefunikwa, unachota mpya, ndipo zile za zamani zinarudi mfukoni. Ukizirudisha kwanza unaweza kuchota U ile ile uliyoikimbia.

Nilichota D, L na O. Ami naye akafungua ubao kwa neno WHEAT, W ikiangukia mraba unaoizidisha herufi mara mbili na T ikikaa katikati, akapata alama 30. Nilikuwa nyuma kwa 30 bila kitu. Lakini kishikio changu sasa kilikuwa na D, E, I, L, O, R na S, na zamu yangu ilipofika niliteremsha SOLDIER, ile S ikisimama mwisho wa WHEAT ili isomeke WHEATS. SOLDIER yenyewe ilikuwa na alama 10 baada ya O na E kuangukia miraba inayozidisha mara mbili, WHEATS ilileta 12, na kumaliza herufi zote saba kukaleta 50. Jumla 72. Ami alilikagua neno, akatikisa kichwa, akasema, "Mwanangu, hizi umezipata ulipokaa kimya."

Siwezi kuahidi kwamba kila ukibadilisha utachota D, L na O. Ningeweza kuchota C, K na V. Hata hivyo, hata kwa C, K na V nisingekuwa nimefungwa, kwa kuwa E na I zingenipatia neno fupi la alama nzuri. Nafuu ya akiba njema iko hapo: inapatana na herufi nyingi zinazoweza kuja, kwa hiyo bahati mbaya haikuumizi sana.

Nilipoyaelewa haya nilipitiliza, na nadhani wengi watapitiliza kama mimi. Kwa muda nilibadilisha mno. Kila nilipoona herufi zinazopendana sikutaka kuzigusa. Siku moja nilianza mchezo nikiwa na A, E, I, N, R, T na Q. Zile sita za kwanza ni hazina inayojulikana. Karibu konsonanti yoyote ya kawaida itakayokuja hutoa neno la herufi saba, kama CERTAIN, PAINTER au LATRINE. Nikarudisha Q peke yake, nikasubiri. Sikutazama kwamba nilikuwa na TRANQ, neno linalokubaliwa katika orodha ya Collins. Ukiweka T katikati ya ubao, herufi ya tano huangukia mraba unaoizidisha mara mbili, na hapo ndipo Q ingekaa: alama 20 za Q na 4 za wenzake ni 24, na neno la kwanza huzidishwa mara mbili, yaani 48. Akiba ingekuwa E na I, ambayo si mbaya hata kidogo. Hakuna akiba inayostahili kuachiwa alama 48 zilizo mkononi, kwa sababu hata herufi nzuri sana zinabaki kuwa matumaini, na mpinzani naye ana zamu yake ya kuifunga nafasi unayoitegemea.

Tangu hapo najiwekea kipimo kimoja kabla ya kubadilisha: natafuta neno bora lililopo, nalipunguzia alama kwa ubaya wa akiba litakaloniachia, kisha nalilinganisha na ubora wa akiba ambayo ningeibakiza nikirudisha herufi. Neno la alama 8 linaloniachia I, I na U halina faida ya kweli. Neno la alama 22 linaloniachia irabu mbili na konsonanti moja siliachi.

Kipimo hicho kina mwisho wake, nao ni mfuko. Kubadilisha kunaruhusiwa pale tu mfuko unapokuwa na herufi saba au zaidi, na hili liliwahi kunigharimu mchezo niliokuwa nikiuongoza. Nilikaa na Q zamu tano nikiingoja U. U tatu zilikwisha kuonekana ubaoni, kwa hiyo nilikuwa nikiingoja moja tu. Hakukuwa na I iliyo wazi ya kuwekea QI, wala nafasi ya QAT. Nilipoamua kuirudisha nikahesabu mfuko, nikakuta zimebaki tano. Mpinzani alimaliza herufi zake, na kwa kanuni za mashindano aliongezewa mara mbili ya thamani ya nilizobaki nazo, yaani 20 kwa Q pekee. Nilishindwa kwa alama 13.

Nilikosea kuhesabu mfuko wakati wa kubadilisha, ilhali ulipaswa kuhesabiwa zamu mbili kabla. Tuseme ni zamu yako na mfuko una herufi 12. Ukiweka neno la herufi nne unachota nne, zinabaki 8. Mpinzani akiweka neno la herufi tatu zinabaki 5, na mlango umefungwa kabla hujaketi vizuri. Kwa hiyo mfuko unapokaribia 14 mimi huitazama Q, au V iliyokwama, na kuuliza kama nina mahali pa kuiweka katika zamu hii au inayofuata, na pawe mahali ninapopaona kwa macho. Nisipopaona, naibadilisha hapo hapo, hata kama nina neno la alama 10 la kuweka.