Rangi za viputo vya sabuni na mafuta: maswali yenu na majibu

Sabuni ni nyeupe, maji hayana rangi. Hizo rangi za kwenye kiputo zinatoka wapi?

Zimo tayari ndani ya mwanga mweupe unaokipiga. Kiputo hakiongezi rangi yoyote, kinapunguza. Ngozi yake ni utando wa maji wenye nyuso mbili, wa nje na wa ndani, na kila uso unarudisha sehemu ndogo ya mwanga. Miale hiyo miwili inafika jichoni pamoja, ila ule wa uso wa ndani umechelewa kidogo, kwa kuwa ulivuka utando na kurudi. Vilele vya mawimbi yake vikikutana na vilele vya mwenzake, rangi hiyo inang'aa. Vikiangukia kwenye mabonde, mawimbi yanafutana na rangi hiyo haionekani.

Tuchukue utando wenye unene wa nanomita 207. (Nanomita moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni.) Kwenda na kurudi ni nanomita 414. Mwanga wa kijani, ambao hewani wimbi lake lina urefu wa nanomita 550, ukiingia majini unapungua kasi na wimbi lake linafupika hadi takriban 414. Maana yake umechelewa wimbi moja kamili, na mtu angetarajia vilele vikutane na kijani king'ae. Kinyume chake, kijani kinafutika! Sababu ni kwamba mwanga unaotoka hewani na kugonga maji hurudi umepinduka, kilele kimegeuka bonde, kama wimbi la kamba iliyofungwa ukutani linavyorudi likiwa limegeuzwa. Mwanga ulio ndani ya maji ukigonga hewa haupinduki. Mwale mmoja umepinduka, mwingine haukupinduka, kwa hiyo kuchelewa kwa wimbi zima ndiko kunakowafuta.

Ukitoa kijani kwenye mwanga mweupe, kinachobaki ni waridi iliyokolea inayoelekea zambarau. Itafute waridi hiyo kwenye upinde wa mvua, huioni. Upinde wa mvua hutenganisha rangi moja moja. Utando hutoa baadhi na kukuachia mchanganyiko wa zilizobaki. Ndiyo maana mimi huona kwamba kuziita "rangi za upinde wa mvua" kunatupoteza njia.

Nimetia rangi nyekundu kwenye maji ya sabuni nipate viputo vyekundu, lakini vimetoka vilevile. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Maji yako kwenye glasi yanaonekana mekundu kwa sababu mwanga unapita, tuseme, sentimita 6 za maji yenye rangi. Kwenye kiputo chenye unene wa nanomita 300 unapita njia fupi mara 200,000 kuliko hiyo, na chembe za rangi unazokutana nazo ni chache mno kuonekana. Tazama tone linaloning'inia chini ya kiputo: hapo maji ni mengi, na wekundu wako utauona.

Sehemu ya juu ya kiputo huwa nyeusi muda mfupi kabla hakijapasuka. Ule ni uchafu?

Hapana, na swali hili limenifurahisha kuliko yote. Usilitazame kwenye kiputo kinachopeperuka. Kunja waya uwe duara, uchovye kwenye maji ya sabuni ya kuoshea vyombo, kisha uushike wima. Nyuma yake weka kitambaa cheusi, nawe ukae ukitazama mwakisiko wa dirisha lenye mwanga. Watu wengi hushindwa kwa kukosa kitambaa hicho: mwanga unaotoka nyuma ni mwingi kuliko ule mdogo unaorudi, unaumeza. Matone machache ya glisirini husaidia utando usikauke haraka.

Maji yanateremka kwa uzito wake, hivyo juu kunakuwa kwembamba na chini kunene. Rangi zinajipanga mistari ya kulala, na mistari yote inashuka polepole. Hiyo ni ramani ya unene. Chini kabisa mistari ni ya waridi na kijani, imefifia na imebanana. Ukipanda juu rangi zinakolea, na mwisho unakuta buluu (hapo utando una nanomita kama 244, na chekundu ndicho kilichofutwa), kisha ile waridi ya 207, kisha njano kwenye 169 hivi, ambako buluu imefutwa. Juu ya njano kuna mkanda mweupe kama fedha, takriban nanomita 100. Juu ya huo, weusi.

Utando ukipungua chini ya nanomita 30 hivi, safari ya kwenda na kurudi ni fupi mno ikilinganishwa na wimbi la rangi yoyote. Mwale wa pili unakaribia kutochelewa kabisa. Kinachobaki kati yao ni kule kupinduka tu, na hicho hakibagui: rangi zote zinafutana kwa pamoja. Mwanga karibu wote unapenya. Kama ungekuwa uchafu, ungeziba kilicho nyuma. Weka kidole nyuma ya sehemu nyeusi na utakiona wazi kabisa. Utando unaweza kuendelea kupungua hadi nanomita 5 hivi, yaani tabaka mbili za molekuli za sabuni na maji kidogo sana katikati. Bila upepo, utando mweusi unaweza kudumu kitambo.

Nikisogeza kichwa rangi inabadilika, na kiputo hakijasogea. Kwa nini?

Kwa sababu pembe inabadilisha kuchelewa. Wengi hudhani mwale wa mshazari unachelewa zaidi kwa kuwa njia yake ndani ya maji ni ndefu. Lakini wakati unazunguka humo, mwale wa uso wa mbele nao unasonga, na tofauti kati yao inapungua. Utando ule wa nanomita 207 ukiutazama kwa mshazari wa kama digrii 50, kinachofutwa si kijani tena bali buluu, na waridi inageuka njano. Nguo nyekundu haikufanyii hivyo.

Kioo cha dirisha nacho kina nyuso mbili. Mbona hakina rangi?

Ni kinene mno. Hata utando wa sabuni wa maikromita 10 tu, yaani nanomita 10,000, unafuta karibu rangi 30 zilizotawanyika kuanzia zambarau hadi nyekundu. Jicho haliwezi kuona mapengo mengi na membamba hivyo, linaona weupe.

Mafuta ya gari yaliyodondoka kwenye lami huonyesha rangi ikinyesha tu. Kwa nini?

Lami kavu ina mashimo na inanyonya. Maji yakiyafunika mashimo hayo, mafuta yanapata sakafu laini ya kutandaa, na weusi wa lami unafanya kazi ya kile kitambaa chetu. Katikati ya doa ni kunene, kingoni ni kwembamba, ndiyo maana rangi zinajipanga duara kwa duara.

Waangalizi wa mafuta baharini husoma rangi hizi wakiwa kwenye ndege. Kwa vipimo vya Mkataba wa Bonn, ambao nchi za Bahari ya Kaskazini ya Ulaya hushirikiana kwao kupambana na uchafuzi wa bahari, rangi mchanganyiko huonekana mafuta yakiwa na unene wa maikromita 0.3 hadi 5; chini ya hapo ni kijivu cha fedha. Kwa maikromita 0.3, lita moja inafunika zaidi ya mita za mraba 3,300, karibu nusu ya uwanja wa mpira.

Ila si kila dimbwi lenye rangi limemwagiwa mafuta. Bakteria wanaoishi kwenye maji yenye chuma nao hutengeneza utando mwembamba unaong'aa hivyo hivyo. Uguse kwa kijiti: ule wa bakteria unavunjika vipande vyenye kona kama gae, vinabaki vimeachana. Mafuta yanajirudia na kuziba pengo.