Huna cheo? Andika ulichokuwa unakifanya Jumatano

Juzi usiku kijana mmoja wa Sombetini, Arusha, alinitumia ujumbe wasapu. "Shikamoo dada. Nimeombwa wasifu mfupi wa maneno mia moja, mwisho Ijumaa. Miaka mitano naandaa ligi ya vijana mtaani ila sijawahi kuajiriwa. Sina cheo wala barua ya kazi. Niandike nini?" Nilimjibu marahaba, halafu nikakaa na simu mkononi muda mrefu, maana swali lake lilinigusa mahali ambapo bado panauma.

Mwaka 2019 shirika moja lilinialika Arusha kuzungumza kwenye mjadala wa vikundi vya akiba. Wakaomba wasifu mfupi, ile wanayoiita bayo. Nikaandika hivi, naunukuu bila kuficha aibu: "Ni mwanamke mpambanaji na mdau wa maendeleo anayeipenda jamii yake. Amejitolea kwa muda mrefu katika shughuli mbalimbali za kijamii ikiwemo kuwawezesha wanawake kiuchumi. Anaamini katika mabadiliko chanya."

Siku ikafika. Mwongoza mjadala akawataja wenzangu mmoja mmoja: huyu mhasibu, yule ofisa mradi, yule mhadhiri. Alipofika kwangu akaitazama karatasi, akaigeuza upande wa pili kama vile kuna kitu kimesahaulika, akasema, "Na mwisho tunaye mama yetu kutoka Moshi, anaipenda sana jamii." Watu wakapiga makofi yale ya kumpigia mtoto aliyekariri shairi. Swali la kwanza niliulizwa kama nina watoto wangapi.

Nilirudi na Kosta ya jioni. Tumepita Usa River, tumepita Maji ya Chai, mpaka Boma Ng'ombe bado nawalaumu wao. Nilipofika nyumbani nikaisoma ile karatasi tena. Hawakuniongezea hata neno. Walisoma nilichowapa.

Sasa nikwambie nilichokuwa nakifanya kwa kweli, halafu upime mwenyewe. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa cha Pasua kilianza 2016 tukiwa wanawake 27. Kwenye katiba kulikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mwezi wa tatu mwaka 2017 katibu akahamia Dodoma, na mwenyekiti akanipa daftari akisema, "Shika kwa muda, mama, mpaka tuchague mwingine." Hatukuchagua. Huo "muda" ulifika miaka sita. Sikupigiwa kura, na kwenye muhtasari wa vikao jina langu lilikuwa katikati ya wajumbe wa kawaida. Ndiyo maana nilipoombwa wasifu nilijiona sina cha kusema nikakimbilia "mpambanaji".

Mlango ulifunguka siku nilipojiuliza swali moja, na hadi leo ndilo ninalompa kila anayeniuliza: wiki ile ulipoumwa, nini kilikwama? Mimi niliwahi kulazwa kwa homa ya matumbo nikakosa Jumatano mbili, siku yetu ya kikao. Kikao kilikaa. Sanduku la fedha lilifunguliwa, hisa zikanunuliwa, mfuko wa jamii ukachangwa. Ila hakuna mkopo hata mmoja uliotoka, kwa sababu kwetu mtu hakopi zaidi ya mara tatu ya akiba yake, na hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika nani ana akiba kiasi gani na deni lake limebaki ngapi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Kutangaza mikutano, kupanga viti na kupika chai nilifanya pia, lakini hivyo havikukwama.

Nilipoijua kazi yenyewe, nikatafuta kitenzi chake. Hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu. Tunaandika "nilihusika katika masuala ya fedha", na msomaji hajui kama ulihesabu, uliidhinisha au ulikuwa umekaa karibu tu. "Nilishiriki" nayo ni vilevile. Ukiogopa udogo wa neno hilo unaruka upande wa pili unaandika "nilisimamia fedha za kikundi", na hapo unajitega. Sanduku letu lilikuwa na kufuli tatu. Funguo zilikaa kwa wanawake watatu tofauti, na sanduku lenyewe lililala nyumba ya mwingine. Mimi sikuwa na ufunguo hata siku moja, na ndivyo ilivyotakiwa, anayeandika asishike. Kwa hiyo kusema nilisimamia fedha ni uongo. Niliandika, nilikokotoa, nilisoma salio mbele ya watu kabla sanduku halijafunguliwa, na nilipiga hesabu ya mgao mwisho wa mzunguko wa mwaka. Hivyo vitenzi vinne ni vyangu, hakuna wa kunipokonya.

Kisha kiasi. Watu wanadhani namba ni za wenye ofisi. Fungua daftari. Hisa yetu ilikuwa 2,000, na mwanachama alinunua moja hadi tano kwa kikao. Jumatano ya kawaida zilinunuliwa hisa 80 hivi, yaani shilingi 160,000. Kwa mwaka tulikaa vikao 50, kwa hiyo akiba iliyopita kwenye mwandiko wangu ni milioni 8 kila mzunguko, bila kuhesabu mikopo na riba. Sikuongeza chumvi, nilizidisha tu. Nilipoiona ile namba nililia kidogo, nakiri, maana kwa miaka yote nilikuwa nikijiita "mama wa nyumbani tu".

Wasifu wa pili nikauandika hivi:

"Kuanzia 2017 hadi 2023 alikuwa mwandishi wa hesabu wa kikundi cha kuweka na kukopa cha wanawake 27, Pasua, Moshi, kwa kujitolea. Aliandika hisa, mikopo na marejesho ya kila wiki, akiba ya takriban shilingi milioni 8 kwa mwaka, na kukokotoa kikomo cha mkopo cha kila mwanachama. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilipotaka vikundi visajiliwe, aliandaa upya katiba na orodha ya wanachama na kufuatilia maombi halmashauri. Amewafundisha wanachama watatu kuandika daftari. Mmoja wao ndiye anayeliandika sasa."

Tazama "mwandishi wa hesabu". Hicho si cheo, ni maelezo ya kazi, ndiyo maana nimekiandika kwa herufi ndogo. Tazama pia "kwa kujitolea". Limetajwa mara moja, likapita. Kuna watakaokushauri ulifiche. Mimi nasema liseme, ila lisiwe neno la kwanza, kwa sababu likitangulia msomaji anasoma yote yanayofuata kama hisani. Na tazama sikuandika "aliwawezesha wanawake". Wanawake walijiwezesha kwa elfu mbilimbili zao. Cha kikundi ni cha kikundi, changu ni daftari.

Wasifu huo nilioutuma 2023 ndio ulionipa mkataba wangu wa kwanza wa kulipwa, kufuatilia kumbukumbu za vikundi kwenye mradi mmoja. Kwenye usaili yule baba aliyekaa katikati aliniuliza, "Fedha ulikuwa unashika wewe?" Nikasema hapana, nikamweleza kufuli tatu. Akatikisa kichwa, akauliza, "Kuna siku daftari na sanduku vilikataana?" Nikamwambia ipo. Daftari lilizidi sanduku kwa 14,000. Tulikaa mpaka giza likaingia, wanachama wakianza kutazamana vibaya, ndipo nikagundua marejesho ya mama mmoja niliyaandika mara mbili, Jumatano mbili mfululizo. Nililikata kosa kwa mstari mmoja ili la zamani lisomeke, nikaandika sahihi pembeni, na mwenyekiti akatia saini yake. Yule baba akaandika kitu kirefu kwenye karatasi yake. Nina hakika ningekuwa nimeandika "nilisimamia fedha" lile swali la kwanza lingenimaliza, na hili la pili tusingelifikia.

Jirani yangu mmoja yalimkuta. Yeye aliona bora ajipe cheo kabisa: Mkurugenzi Mtendaji wa kikundi cha usafi wa mtaro. Kazi aliifanya kweli, tena kubwa kuliko yangu. Waajiri wakampigia mwenyekiti wa mtaa kuuliza habari za mkurugenzi. Mzee akashangaa: "Mkurugenzi? Sisi mkurugenzi tunayemjua ni wa manispaa." Basi, simu ikakatwa na kazi ikaenda. Mzee hakuwa na nia mbaya, hakujua anaulizwa habari za nani.

Kwa hiyo mtu unayemtaja kama mdhamini, mpelekee wasifu wako aone maneno yaleyale uliyoandika. Na chagua mtu sahihi. Barua ya mtendaji wa mtaa inathibitisha kwamba unaishi pale na unafahamika. Haithibitishi kwamba uliandika hesabu kwa miaka sita, labda awe alikaa vikaoni. Anayeweza kusema hilo ni mwenyekiti wa kikundi chako. Mimi nilimpigia wangu, nikamsomea sentensi kwa sentensi, na kwenye "milioni 8" akanikatiza: "Mwaka wa corona haikufika hapo, mama." Kweli haikufika. Ndipo nikaongeza "takriban". Na ukitakiwa ushahidi usipige picha ukurasa wa daftari ukaurusha tu, kwenye ukurasa huo kuna madeni ya watu. Funika majina kwanza.

Najua wapo mtakaosema nawachosha na madaftari. Nyie ndio mnaoniandikia kila mwezi mkilia kwamba kujitolea hakuthaminiwi, nikiwaomba namba moja tu mnanitumia aya tatu za shauku. Shauku hata mimi ninayo, na niliipeleka Arusha mwaka 2019. Mmesikia ilivyopokelewa.

Kijana wa Sombetini nilimuuliza swali lilelile. Akaniambia mwaka jana alikwenda msibani Babati siku tisa.

"Nini kilikwama?"

"Mechi mbili hazikuchezwa, dada. Uwanja ni wa shule, na kila Jumatatu mimi ndiye napeleka barua kwa mwalimu mkuu. Waamuzi pia mimi ndiye nawapanga. Wengine wote walikuwepo."

"Timu ngapi?"

"Nane."

"Mechi ngapi kwa msimu?"

Hapo akanyamaza. Baadaye akaandika kwamba ratiba zote za miaka mitano ziko kwenye boksi la viatu kwa mama yake, anakwenda kuzihesabu.