Ada ya fandi hukatwa kabla hujaona bei

Kwa chama chetu kuna swali linarudi kila mtu akifungua stetimenti ya fandi, mbona sioni mahali wamekata ada? Hutaiona, juu inakatwa ndani ya bei ya yuniti, yaani kipande chako cha fandi, kabla hiyo bei ikufikie.

Chukua fandi ya hisa, namba ni za mfano tu. Soko la hisa la Nairobi, NSE, likifunga saa tisa mchana, fandi inachukua bei za kufunga za kila hisa iliyo nayo, tuseme jumla ni milioni 480, inaongeza pesa iliyo benki na dividendi iliyotangazwa lakini haijalipwa, milioni 20, sasa ni milioni 500. Halafu inatoa madeni, na hapo ndipo ada imekaa. Gharama zote zikiwa 2.5% kwa mwaka, za siku moja ni milioni 500 mara 2.5% gawa kwa 365, kama shilingi 34,247. Kinachobaki unagawia yuniti milioni 40 na bei inakuwa 12.499 badala ya 12.50. Hata senti moja haifiki kwa yuniti! Ndiyo maana hakuna mtu hushtuka, na pia inakatwa hata siku soko limeanguka.

Sasa ipe miaka 10. Laki moja ikikua 10% kila mwaka bila ada inafika kama 259,000. Ukitoa hiyo 2.5% inakua 7.5%, unabaki na kama 206,000. Elfu 53 zimeenda, nusu ya pesa uliyoweka, na hii inaniuma kwa sababu watu wanabishana kuhusu fandi gani ina yuniti za bei rahisi, na bei ya yuniti haikuambii kitu, yuniti ya shilingi 12 na ya 120 zikipanda 5% umepata sawa tu.

Fandi ya mani maketi, ile inayokopesha pesa kwa muda mfupi, ni tofauti kidogo, yuniti hukaa shilingi moja na wanatangaza riba ya mwaka kila siku. Kwa kawaida hiyo riba ada ya meneja imeshatolewa, bado kodi ya 15%, kwa hivyo usitoe ada mara ya pili ukipiga hesabu, lakini uliza kwanza.

Mimi hufanya hivi: naomba hesabu za mwaka zilizokaguliwa, si karatasi ya matangazo, najumlisha ada ya meneja, ya mdhamini, ya benki inayotunza mali na ya mkaguzi, nagawa kwa wastani wa thamani ya fandi mwanzo na mwisho wa mwaka. Ukipata 2.9% na karatasi ilikuambia 2%, hiyo 2% ilikuwa ya meneja peke yake. Na kama kuna ada ya kuingia, hiyo iko kando kabisa, inakatwa kwa pesa yako kabla ununuliwe yuniti hata moja.