Barua kwa mwanangu: mpira wa mkojo wa baba mkwe wako

"Mama shikamoo. Baba mkwe karudi jana toka hospitali na mpira wa mkojo, wamesema akae nao mpaka operesheni ya tezi dume. Tunausafishaje, mfuko tunaumwaga vipi, na nitajuaje kama kashapata infeksheni?"

Marahaba mwanangu, mpe pole sana mzee. Nimefanya kazi wodini Tanga huku miaka mingi kwa hiyo nakuandikia yale niliyokuwa nawaambia ndugu wa wagonjwa siku ya kuruhusiwa.

Kwanza kumsafisha pale mpira unapoingilia muachie mumeo au shemeji yako, au mzee ajisafishe mwenyewe kama mikono ina nguvu. Mkwe wako ukimvua atakuona haya, na akishaona haya ataanza kuficha maumivu, hapo ndo mambo yanaharibika. Wewe chukua kazi ya mfuko, maji ya kunywa na kumuangalia hali yake. Mtu yeyote anayegusa ule mpira anawe mikono kwa sabuni kabla na baada, hata kama atavaa glavu.

Kusafisha kwenyewe ni asubuhi na jioni, na tena akitoka choo kikubwa. Sabuni ya kawaida, maji safi, kitambaa laini ambacho ni cha kazi hiyo tu. Aushike mpira kwa mkono mmoja karibu na unapoingilia ili usivutike, alafu apanguse kuanzia mwilini kwenda chini, asirudi juu, maana akirudi juu anausukuma uchafu ndani. Asuuze, akaushe basi. Msipake detoli, spiriti wala poda, vinachubua ngozi na havizuii kitu. Kuoga aoge kama kawaida na mfuko wake ukiwa umeunganishwa.

Na huo mpira usivutwe jamani. Ndani ya kibofu una kiputo kilichojazwa maji, mara nyingi kama mililita 10, ndo kinachouzuia usichomoke, sasa ukivutwa kile kiputo kinachana njia na damu inatoka. Ubandikeni pajani kwa plasta, muache ulegee kidogo ili akinyoosha mguu usikaze. Nyumbani avae kikoi tu, suruali inaubana.

Sasa mfuko, hapa nisikilize vizuri. Kuanzia kibofuni mpaka chini kwenye mfuko ile ni njia moja iliyofungwa na vijidudu vinapenda sana kupita pale inapofunguliwa. Kwa hiyo pale mpira unapoungana na mrija wa mfuko msipafungue, sio kwa kuoga, sio kwa kuswali, sio kwa kubadilisha nguo. Swala aswali nao akiwa amekaa kwenye kiti mfuko unaning'inia chini, na habari ya udhu aulize imamu wenu, mwenye udhuru ana hukumu yake.

Kumwaga unatumia kile kibomba cha chini. Usisubiri ujae, ule mfuko wa lita 2 ukifika nusu au kuzidi kidogo umwage maana uzito wake unavuta mpira, na hata kama haujafika umwage asubuhi na kabla ya kulala. Weka chombo ambacho ni cha kazi hiyo tu, fungua kibomba bila kukigusisha kwenye chombo, mkojo ukiisha funga, pangusa ncha kwa pamba ya spiriti. Kabla ya kumwaga chooni angalia rangi na kiasi.

Mfuko siku zote uwe chini ya kibofu ili mkojo ushuke wenyewe. Utundikeni kwenye mbao ya kitanda, usilale sakafuni, kitanda kikiwa kifupi uwekeni ndani ya beseni safi. Nakwambia hivi kwa sababu nimeona watu wanampandisha mgonjwa kwenye bajaji wanamuwekea mfuko mapajani ili usionekane, mkojo wa zamani unarudi kibofuni na vijidudu vyake. Mkimpeleka kliniki umwageni kwanza, alafu ushuke chini ya goti, mtupie kanga mbele kama anaona aibu. Mfuko wenyewe unabadilishwa kama kila wiki, au mapema ukivuja, fuateni walivyowaambia hospitali, na msiuoshe mkaurudishia.

Kuna jambo lingine linatisha watu usiku. Jirani yetu mmoja hapa alilala mfuko ukiwa mtupu, kufika alfajiri bado mtupu, shuka limelowa na tumbo la chini limevimba linauma, wanawe wakadhani mpira umekwisha kazi wakataka kumvalisha pampasi. Nilipofunua shuka nikakuta mrija kaulalia, umekunjika chini ya paja. Kuunyoosha tu mkojo ukashuka. Ndo maana mfuko ukikaa saa kadhaa bila kitu usikimbilie kumnywesha maji, fuata mrija kwa macho toka juu mpaka chini, haujakunjika, haujalaliwa, mfuko haujapanda juu, mgeuze upande wa pili. Uliza pia choo kapata lini, choo kigumu kinaukandamiza mpira na mkojo unapita pembeni, kwa hiyo mpe mapapai na mboga za majani. Ukishaangalia vyote hivyo na bado haushuki, na tumbo linauma, hiyo ni ya hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane. Msisukumie maji wala msiuchomoe wenyewe.

Infeksheni sasa. Mkojo kuwa na ukungu au harufu peke yake sio infeksheni. Mtu akikaa na mpira wiki kadhaa vijidudu vinakuwepo tu kwenye mkojo, ukipima vitaonekana, na kama mzee hana dalili yoyote havitibiwi. Harufu ikizidi mwongezee maji kwanza, kwa siku lita 1 na nusu mpaka 2 kama daktari hakumzuia kwa ajili ya moyo au figo, na joto la Bagamoyo hilo ndo kabisa. Usiende duka la dawa kununua antibayotiki kwa kubahatisha, vijidudu vinazoea dawa na siku akiumwa kweli haifanyi kazi.

Dalili zenyewe ni homa ya 38 au zaidi, kutetemeka kwa baridi, maumivu ya tumbo la chini au ubavuni kwa nyuma, kutapika, usaha pale mpira unapoingilia. Na kwa mzee wa umri ule kuna moja watu hawaijui, anaanza kuchanganyikiwa ghafla, anakuita jina la mtu mwingine, anakataa kula, analala mchana kutwa, na pengine hata homa hana. Jana alikuwa mzima wa akili leo anaweweseka, usiseme ni uzee, mpelekeni siku hiyo hiyo. Kutetemeka na kuchanganyikiwa vikija pamoja msingoje hata kupambazuka. Damu nzito au mabonge nayo hivyo hivyo.

Mkifika waambieni mpira uliwekwa tarehe ngapi. Ukiwa wa siku nyingi inatakiwa wamuwekee mpya kwanza, ndo sampuli ya mkojo ichukuliwe kwenye huo mpya, sio kwenye mfuko, ule umeshakaa utaleta majibu ya uongo.

Na hiyo tarehe iandike leo leo ubandike ukutani, uliza pia ni wa aina gani maana wa latexi kwa kawaida hauzidi wiki 4 na wa silikoni mtupu unafika mpaka wiki 12. Operesheni ikisogezwa mbele mpira hausogezwi, siku yake ikifika mpelekeni wakabadilishe. Kesho mchana nipigie mumeo akiwepo, nataka niongee naye habari ya hiyo plasta.