USSD au SMS kwa wateja wa kitochi? Angalia kwanza nani anaanza kuongea

Kuna msomaji ameniandikia inbox, ana mradi wa wafugaji wanaoleta maziwa, wote wana vitochi, na hela yake inatosha kitu kimoja tu kwa sasa, aweke menyu ya USSD, ile ya kupiga kodi ya nyota na reli, au atume SMS. Nimemjibu kwa ufupi lakini nikaona niandike vizuri, maana hii vita nimeipigana mimi mwenyewe na bado inaniuma kidogo.

Mimi nilijenga mfumo wa ushirika wa wafugaji kama hao. Mabosi walitaka kila kitu kiwe USSD, wakasema meseji ni gharama, mfugaji akitaka kujua kitu si atabonyeza. Nikawaambia jamani, USSD kwa kawaida inaongea pale mtu anapoianzisha, na ikifunga hakuna kinachobaki kwenye simu. Walinisikiliza kama vile naleta uvivu. Sawa.

Sasa tazama ilivyokuwa. Mfugaji anakopa chakula cha mifugo, anakatwa kwenye malipo ya maziwa. Anapiga kodi, anachagua 2, anaandika idadi ya magunia, anaweka namba ya siri, halafu inakuja hii:

```
CON Umeomba magunia 2 ya chakula cha ng'ombe.
1. Thibitisha
2. Ghairi
```

Hiyo CON mteja haioni, ni seva yako inauambia mtandao usifunge, bado tunaongea, na ukimaliza unatuma END. Anabonyeza 1. Seva inapokea, inaandika deni, na kabla jibu la END halijamfikia sesheni, yaani yale mazungumzo yaliyofunguka, inakatika, labda mtandao umeyumba au seva imechelewa kujibu, na mtandao wa simu hausubiri, ukichelewa sekunde chache unakatwa. Kwenye kioo anaona ujumbe wa hitilafu tu. Wewe ungefanyaje? Ungepiga tena. Naye anapiga tena, anathibitisha tena, na mwisho wa mwezi anakatwa magunia 4 wakati yeye alitaka 2, na hana hata mstari mmoja kwenye simu wa kuonyesha ofisini. Wazee wa watu walikuja wamekasirika na walikuwa na haki kabisa.

Ndo wakaniita. Nilifanya mambo mawili. La kwanza, seva kabla ya kupokea ombi jipya inaangalia kama namba hiyo ina ombi linalofanana la siku hiyo hiyo, ikilikuta inamwonyesha kwanza na kumuuliza kama anataka kuongeza. La pili, kila ombi likishaandikwa inatoka SMS. SMS haihitaji sesheni, simu ikiwa imezimwa inakaa kwenye mtandao inasubiri mpaka muda wake uishe, na ikifika inabaki pale mpaka mwenyewe aifute. Malalamiko ya kukatwa mara mbili yakaisha, na sioni aibu kusema nilikuwa nimewaambia.

Kwa hiyo usiulize ipi ya kisasa zaidi. Uliza nani anaanza, na je kesho kutakuwa na haja ya ushahidi. Mteja anauliza salio au anachagua kitu, hapo USSD ndo mahali pake. Wewe ndo una habari ya kumpa, maziwa yamepimwa lita ngapi, malipo yameingia, hiyo ni SMS.

Ila SMS nayo ina mtego wake, na huu unawapiga sana wanaoandika Kiswahili. Meseji moja ni herufi 160. Lakini ukikopi maandishi kutoka kwenye programu ya kuandikia, ile alama ya ng'ombe inageuka kuwa iliyopinda, ng’ombe, na hiyo iliyopinda haimo kwenye herufi za kawaida za SMS, basi meseji nzima inahamia mfumo mwingine ambao nafasi yake ni herufi 70 tu. Ujumbe wako wa herufi 120 uliokuwa meseji moja unakuwa mbili na unalipia mbili, kwa kila mteja, kwa sababu ya kialama kimoja. Weka ile iliyonyooka, na iache seva iibadilishe yenyewe kabla ya kutuma, usitegemee macho.

Halafu soma ripoti za kufika, usiishie kwenye "imetumwa". Vitochi vingi vinabeba meseji chache, vikijaa mpya haingii mpaka mtu afute. Ukiona namba ileile kila siku haipokei na ukiipiga inaita, mara nyingi ni hilo, mwambie mwenyewe afute za zamani.

Na kwako ndugu uliyeniuliza: anza na SMS. Mfugaji asipokuwa na menyu bado anaweza kupiga simu ofisini akauliza salio, ila asipokuwa na meseji ya lita zake za leo, siku mkibishana atakuwa na maneno yake tu dhidi ya kompyuta yako.